Zoni Inayofunga: Jinsi ya Kupanga Muda wa Duara Mechi Isipooze Wala Isikurupuke

Mchezaji aliyejibanza juu ya ghorofa, ana bunduki nzuri na mlango mmoja tu wa kulinda, hana sababu ya kutoka. Adui naye anajua hivyo, kwa hiyo hamfuati. Ukiwaacha watu 40 kwenye ramani kubwa bila kitu cha kuwasukuma, baada ya dakika tano kila mmoja atakuwa amejichimbia mahali pake na mechi itakuwa imekufa. Zoni, yaani duara linalozidi kubana na kumla damu aliye nje yake, ndiyo inayowatoa. Kazi yake ya kwanza ni kuamua nani atembee, lini, na akifika atakuwa na sekunde ngapi za kupigana. Kuua watu kwa damu inayopungua ni kazi ya pili.

Mwongozo huu ni wa vijana wanaotengeneza gemu lao wenyewe, au ramani yao kwenye injini kama Godot, na wamefika mahali pa kujiuliza duara lifunge kwa sekunde ngapi. Wengi huandika tarakimu zinazopendeza macho, wakacheza mara mbili, kisha wakaanza kubishana. Njia ya haraka ni kuanza na daftari na kikokotoo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Ramani imechorwa kwa kuigiza Mbeya: Mwanjelwa na Kabwe katikati, Soweto upande mmoja, barabara kuu ya Tunduma ikikatiza, na kaskazini mlima Loleza umesimama kama ukuta. Kwenye gemu tumeibana yote iingie kilomita 2 kwa 2. Wachezaji ni 40, kila mmoja peke yake. Anayekimbia anakwenda mita 6 kwa sekunde. Damu kamili ni 100. Mechi tunataka iishe ndani ya dakika 12, kwa sababu anayecheza kwa simu kwenye bando la wiki, au anayelipia kwa muda kwenye kibanda cha gemu, hana nusu saa ya kumaliza mechi moja.

Anza na nafasi ya kila mtu, saa itafuata

Ramani yetu ina mita za mraba 4,000,000. Gawa kwa watu 40, kila mmoja anapata 100,000, yaani mraba wenye upande wa mita 316 hivi. Tarakimu hiyo inakuambia kitu cha kweli: watu wakisambaa sawasawa, mtu akishuka na kutulia, jirani yake wa karibu yuko mita mia tatu, atamsikia akipiga risasi lakini hatamkuta kwa bahati. Linganisha na Erangel, ramani ya kwanza ya PUBG, yenye kilomita 8 kwa 8 na watu 100. Pale kila mtu ana upande wa mita 800, ukihesabu na bahari. Ndiyo maana mechi ya kule ina dakika nyingi za kutembea kimya, na magari si pambo.

Sasa amua unataka watu wangapi wawe hai kila duara linapomaliza kufunga, kisha tafuta nusu kipenyo kinachowapa nafasi inayopungua taratibu. Kwa mfano wetu tumeamua duara la kwanza likimaliza wabaki 26, la pili 18, la tatu 12, la nne 8, la tano 4. Nusu kipenyo tumeweka mita 700, 400, 220, 110 na 45, na la sita linafunga mpaka sifuri. Ukikokotoa, nafasi ya kila mtu inakuwa upande wa mita 243, halafu 167, 113, 69, na mwisho 40. Mteremko huo ni mzuri: mwanzoni bunduki ya masafa marefu ina thamani, katikati bunduki ya kawaida, mwishoni hata bomu la mkono linamfikia mtu.

Tarakimu hizi ndizo utakazorudi kuziangalia mechi ikiharibika. Tuseme duara la nne limefunga na hai ni 18 badala ya 8. Nafasi imeshuka mpaka upande wa mita 46, mahali tulipopanga 69. Hapo hakuna tena mbinu. Ukiinua kichwa kumpiga mmoja, watatu wanakuona, kwa hiyo kila mtu analala kwenye nyasi kusubiri mwingine akosee. Wachezaji watakuambia duara la mwisho ni baya, nawe utakimbilia kulirekebisha hilo la mwisho. Kosa liko nyuma, kwenye duara la pili na la tatu, ambako watu hawakusukumwa wakutane.

Ratiba yenyewe

Kila hatua ina vipande viwili. Kwanza kusubiri: duara jipya linaonekana kwenye ramani lakini ukuta umesimama. Halafu kufunga: ukuta unatembea. Anayetazama saa moja tu, ile ya jumla, hawezi kupanga mwendo wa mechi, maana vipande hivi vinafanya kazi tofauti. Kusubiri kunampa mtu uhuru wa kuchagua njia, kufunga kunamnyang'anya.

| Hatua | Nusu kipenyo (mita) | Kusubiri (sek.) | Kufunga (sek.) | Damu inayoliwa kwa sek. |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 1,414 → 700 | 100 | 100 | 0.5 |
| 2 | 700 → 400 | 70 | 60 | 1 |
| 3 | 400 → 220 | 55 | 45 | 2 |
| 4 | 220 → 110 | 45 | 35 | 4 |
| 5 | 110 → 45 | 35 | 30 | 7 |
| 6 | 45 → 0 | 25 | 60 | 10 |

Ongeza sekunde 60 za kuruka na kushuka, jumla ni 720, yaani dakika 12 kamili. Hiyo 1,414 ya mwanzo ni duara linalogusa pembe nne za ramani, ili asiwepo mtu anayeanza mechi akiwa nje. Na damu inapanda pale ukuta wa hatua mpya unapoanza kutembea. Wakati wa kusubiri inabaki ya hatua iliyopita. Liandike hilo mahali, kwa sababu watu wawili wanaoandika msimbo mmoja watalielewa tofauti.

Ukuta hauendi kasi moja pande zote

Hapa ndipo wengi hupotea. Duara jipya likikaa katikati ya la zamani, ukuta unatembea sawa kila upande. Lakini likisogea mpaka likagusa ukingo wa la zamani, upande ule wa kugusana ukuta hautembei kabisa, na upande wa pili unatembea mara mbili. Kwa hatua ya pili, kutoka 700 kwenda 400, tofauti ni mita 300. Aliye upande mbaya anakutana na ukuta unaokata mita 600 kwa sekunde 60, yaani mita 10 kwa sekunde, wakati yeye anakimbia 6. Mwenzake wa upande mzuri amekaa zake anakunywa chai.

Kwa hiyo usipime ratiba kwa wastani. Mpime mtu mwenye bahati mbaya kuliko wote, na umpime akiwa kwenye ardhi halisi ya ramani yako, maana hakuna anayekimbia mstari ulionyooka. Mtume mtu akimbie kutoka ukingoni kwenda katikati huku umeshika saa. Mita 1,000 kwa mstari zingemchukua sekunde 167. Akitumia 217, kizidishi chako ni 1.3, na hicho ni cha kawaida kwenye mitaa yenye kuta na mitaro.

Hatua ya pili kwa kizidishi hicho: mita 600 ni sekunde 100, mara 1.3 ni 130. Muda alionao ni 70 za kusubiri na 60 za kufunga, jumla 130. Anafika pamoja na ukuta, hana hata sekunde moja ya ziada. Hatua ya tatu anahitaji 78 na ana 100, ziada 22. Ya nne ziada ni 32, ya tano 37.

Ziada hiyo ndiyo mapigo ya moyo ya mechi. Pambano la kawaida, kuanzia risasi ya kwanza mpaka mshindi ajifunge bandeji na kupekua mzigo wa aliyekufa, tulichukulie kuwa sekunde 30. Ziada ikiwa chini ya hapo, mtu wa mbali hapigani, anakimbia tu. Ikiwa juu, anaweza kusimama akajibu. Kwa ratiba yetu, hatua ya pili inazaa wakimbiaji na wawindaji: walio ndani tayari wanajipanga ukingoni kuwangoja wanaokuja na ukuta mgongoni. Hatua ya nne na ya tano zinazaa mapambano ya haki zaidi. Huo ni uamuzi wetu, wala si sheria. Anayetaka mechi ya kutembea kwa akili atapandisha kusubiri kwa hatua ya pili mpaka 90, lakini ajue amepoteza sekunde 20 na pengine vifo viwili vitatu ambavyo vitamrudia kwenye duara la nne.

Hesabu ya aliyekamatwa nje

Mtu ameshuka pembeni kabisa mwa ramani, na duara la kwanza limeangukia pembe iliyo mkabala. Umbali wake ni mita 1,138. Kwa kizidishi cha 1.3 anahitaji sekunde 247, na hatua nzima ina 200. Ni rahisi kusema atachelewa sekunde 47, kwa hiyo atapoteza damu 23. Si kweli. Ukuta ukianza unakwenda mita 11.4 kwa sekunde na unampita akiwa bado njiani. Kwa mwendo wake halisi wa mita 4.6, unamfikia sekunde ya 168. Kuanzia hapo mpaka anaingia ni sekunde 79, na damu inayoliwa ni 39. Daima hesabu kutoka pale ukuta unapompita, siyo kutoka pale unaposimama.

Damu 39 kwa aliyechagua kushuka pembeni peke yake na kuokota vitu kwa raha ni bei ya haki. Anaingia amechoka lakini hai.

Sasa mweke mtu mwenye damu kamili nyuma ya Loleza katika hatua ya pili. Ukuta unapita juu ya mlima kama ndege. Yeye lazima azunguke au apande. Kizidishi kinafika 1.8. Mita 600 zinamchukua sekunde 180, ukuta unampita sekunde ya 105, na anakaa nje sekunde 75. Kwa damu 1 kila sekunde anaingia na 25, na mlangoni anasubiriwa. Na huyo ni yule aliyeanza kukimbia sekunde ileile duara lilipoonekana. Ukiona kwenye majaribio kwamba walioshuka kaskazini hawamalizi kamwe, usiwaambie wajifunze kucheza. Ni ramani.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kupasua njia: korongo au barabara inayorudisha kizidishi karibu na 1.3. Ya pili ni usafiri, na bodaboda mbili tatu zilizoegeshwa nyuma ya mlima zinatosha, kwa sababu hata mwendo wa mita 15 kwa sekunde unamaliza mita 600 mara 1.8 kwa sekunde 72. Zikiwa nyingi zinavuruga hatua zote za mwisho, kwa hiyo ziweke nyuma ya mlima tu. Ya tatu ni kurefusha kusubiri kwa wote, na hii tunaipenda kidogo kuliko zote: unawachosha watu 35 kwa ajili ya watano.

Kuchagua kitovu

Brendan Greene, aliyeutengeneza mtindo huu kwenye modi za Arma kabla ya kuongoza PUBG ya mwaka 2017, ameeleza kwamba mwanzoni alitaka maeneo ya mraba, ila ujuzi wake wa msimbo haukutosha, akaishia duara. Bahati njema kwetu, maana duara ni mistari michache tu:

```gdscript
# kitovu cha duara jipya, hatua ya 2 na kuendelea
var d = sqrt(randf()) * (r_zamani - r_mpya)
var kitovu_kipya = kitovu_zamani + Vector2.from_angle(randf() * TAU) * d

# wakati wa kufunga
var t = clamp((sasa - mwanzo_kufunga) / muda_kufunga, 0.0, 1.0)
var r = lerp(r_zamani, r_mpya, t)
var kitovu = kitovu_zamani.lerp(kitovu_kipya, t)
```

Hiyo `sqrt` si urembo. Ukiiondoa, vitovu vinarundikana karibu na katikati, na baada ya mechi kumi wachezaji wameshagundua: shuka katikati, kempu, shinda. Hatua ya kwanza ifanyie njia yake, kwa sababu duara la mita 700 lazima libaki ndani ya ramani. Chagua kitovu kisichozidi mita 300 kutoka katikati, mashariki au magharibi, na vivyo hivyo kaskazini au kusini. Kitovu kikiangukia kileleni au mahali pasipofikika, rusha tena bahati nasibu. Kuanzia duara la nne tunashauri urushe tena pia ikiwa eneo lote ni uwanja mtupu usio na jiwe la kujikinga, maana hapo mshindi ni aliyelala wa kwanza.

Pale dawa inapoishinda zoni

Sasa rudi kwenye safu ya mwisho ya jedwali, kuna kosa tumeliacha makusudi. Kwenye gemu letu medikiti inachukua sekunde 8, na damu 75 inaingia kwa mkupuo mwishoni. Hatua ya tano zoni inakula 7 kwa sekunde. Mtu aliye nje na damu kamili anaanza kujitibu: sekunde 8 zinamla 56, anabaki na 44, medikiti inaingia, amejaa tena. Akiwa na tano, anakaa nje sekunde 40 bila shida, halafu 14 nyingine kabla hajafa. Jumla ni 54. Kufunga kwa hatua ya tano na kusubiri kwa ya sita ni sekunde 55. Kwa maneno mengine, anaweza kujificha nje ya duara karibu kipindi chote ambacho wenzake wanauana ndani. Dalili yake majaribioni ni mshindi mwenye kuua sifuri aliyetokea kusikojulikana, na watu wanaokusanya medikiti badala ya risasi.

Kipimo ni rahisi: zidisha damu inayoliwa kwa sekunde na muda wa medikiti. Jibu likizidi 100, haiwezekani kumaliza kujitibu nje. Kwa sekunde 8, mpaka ni 12.5. Hatua ya sita iwe 14, na hapo mjadala umekwisha: nje ya duara medikiti ni mzigo. Hatua ya tano tunaipandisha mpaka 10 tu. Kwa 10, kila medikiti inampunguzia damu 5, nne zinafanya kazi na ya tano inamkuta amekufa. Anayetaka kujificha anaruhusiwa, ila ataingia duara la mwisho mikono mitupu. Ukipandisha hatua ya kwanza na ya pili kwa mtindo huo huo utakuwa unawaadhibu walioshuka mbali. Kule acha ndogo.

Duara la sita linafunga mpaka sifuri kwa sekunde 60. Likifunga kwa kasi, wawili wa mwisho wanauawa na zoni pamoja na ushindi unaamuliwa na nani alikuwa na damu mbili zaidi. Polepole namna hiyo, ukuta unatembea chini ya mita 2 kwa sekunde hata upande mbaya, na wanapata muda wa kuonana.

Saa ni ya seva

Usitume nusu kipenyo kwa kila simu mara 30 kwa sekunde. Mtandao ukiyumba, ukuta utaruka mita kumi kwa mpigo na mtu atakufa huku skrini yake inaonyesha yuko ndani. Tuma mara moja tu hatua inapoanza: kitovu cha zamani na kipya, nusu kipenyo zote mbili, saa ya seva ya kuanza kufunga, na muda wa kufunga. Kila simu ichore ukuta yenyewe kwa msimbo ule wa juu. Damu lakini ikatwe na seva, na uipe sekunde moja ya huruma baada ya ukuta kumpita mtu.

Kujaribu bila watu 40

Kupata simu 40 kwa pamoja ni kazi. Kumi zinapatikana kwenye kibanda kimoja. Watu ni robo, kwa hiyo eneo liwe robo: ramani ya kilomita 1 kwa 1, kila nusu kipenyo nusu yake, kila muda nusu yake. Ziada nazo zinakuwa nusu: 22 inakuwa 11, 37 inakuwa 18 na kidogo. Lakini pambano halipungui. Bado ni sekunde 30. Kwa hiyo jaribio dogo litaonekana la kukurupuka kuliko mechi kamili, na ukilegeza muda kwa kufuata malalamiko ya watu kumi, mechi ya 40 itapooza.

Kwenye jaribio dogo tazama vitu viwili tu: watu wanatokea wapi wanapokufa, na wangapi wamekufa kwa zoni. Andika sekunde na mahali pa kila kifo kwenye faili. Vifo vikikusanyika dakika ya kwanza halafu pakawa kimya mpaka duara la nne, punguza kusubiri kwa hatua ya pili na ya tatu kwa sekunde 10 kila moja, cheza mechi tano, kisha hesabu tena walio hai duara la nne likimaliza. Badilisha safu moja kwa wakati. Ukigusa muda na damu siku moja, hutajua kipi kimeleta nini.